Saa kumi na moja ipi? Adabu ya kumwomba jamaa akuangalizie watoto

Katika familia zetu za huku Mbeya ni wachache wanaolipa mtu wa kuwaangalia watoto kwa saa chache. Mama akiwa na safari ya siku moja, au baba na mama wakiitwa msibani, watoto hupelekwa kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama mdogo au kwa mke wa mjomba. Hakuna mkataba unaoandikwa wala ujira unaotajwa. Kinachoshikilia jambo zima ni maneno machache yanayosemwa kwenye simu au mlangoni: nitawaleta saa fulani, na nitawachukua saa fulani.

Maneno hayo machache ndiyo yanayozaa mizozo. Katika kazi ya ukatibu wa kamati ya msikiti hapa Soweto, mashauri mengi ya ndugu kwa ndugu yanayoletwa kwetu hayaanzi na fedha wala urithi. Huanza na jambo dogo, kama mtoto aliyeachwa akingoja. Shauri moja lilikuwa hivi. Baba alimwandikia shangazi yake ujumbe wa simu akimwomba awapokee watoto wawili watakapotoka masomoni, na akaandika kwamba wanatoka "5:00". Yeye alikuwa ametazama saa ya simu yake, na alikusudia saa 11 jioni. Shangazi, mama wa makamo aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili, aliisoma saa 5 asubuhi. Alifika saa 5, akangoja, hakuona mtoto, akarudi nyumbani akiamini kwamba mpango umebadilika na hakuna aliyemjali kumwarifu. Saa 11 jioni watoto wa miaka sita na minane walisimama nje ya geti, na hawakuchukuliwa mpaka giza lilipoingia.

Wote wawili walikuwa wakweli. Baba alisema alitaja saa, na ni kweli aliitaja. Shangazi alisema alifika kwa saa aliyoambiwa, na ni kweli alifika. Makala haya yanahusu nafasi iliyopo kati ya kweli hizo mbili, na namna ya kuiziba kabla mtoto hajaangukia humo.

Saa moja, hesabu mbili

Sisi tunaosema Kiswahili tunahesabu saa tangu kuchomoza na kuzama kwa jua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na saa moja usiku ni saa ya kwanza ya usiku. Simu, kompyuta, ratiba za ndege na vitabu vya Kiingereza huhesabu tangu katikati ya usiku. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni saa 6 kamili, siku zote. Ukitazama saa ya ukutani, akrabu fupi ikiwa kwenye 4 mchana, sisi tunasema saa 10, kwa kuwa tunasoma namba iliyo upande wa pili wa duara. Tumelizoea jambo hili tangu utotoni hata hatulioni tena.

Hatari yake ni kwamba kila namba inayotajwa peke yake ina maana katika hesabu zote mbili, na maana zote mbili huweza kuangukia wakati ambao watu wako macho. "10:00" ni saa 4 asubuhi kwa simu na saa 10 jioni kwa bibi. "5:00" ni saa 11 kwa simu na saa 5 kwa shangazi. Kama kosa lingeangukia usiku wa manane, kila mtu angeligundua, kwani hakuna anayeleta mtoto saa 8 za usiku. Lakini makosa haya huangukia mchana kweupe, nayo huonekana kama saa ya kawaida kabisa.

Siku hizi umeongezeka mlango mwingine wa kosa. Bibi wengi hupokea ujumbe wa maandishi, na kwa kuwa herufi ni ndogo humpa mjukuu amsomee. Mjukuu anayesoma shule ya Kiingereza anaona "10:00", anaifasiri kama alivyofundishwa darasani, anamwambia bibi, "Ni saa nne." Baba alikusudia saa kumi jioni. Ujumbe umepita mikononi mwa watu watatu, kila mmoja akiwa na nia njema, na umefika ukiwa na makosa.

Njia ya kuuziba mlango huu ni nyepesi. Kwa ndugu anayesema Kiswahili, taja saa kwa Kiswahili, iandike kwa neno na si kwa namba pekee, kisha uambatanishe kipande cha siku: saa kumi jioni, saa moja na nusu asubuhi, saa mbili usiku. Neno "jioni" au "asubuhi" si pambo la sentensi, kwani ndilo linalofunga maana. Ukiandika "saa kumi na moja jioni", hata mjukuu wa shule ya Kiingereza hawezi kuigeuza kuwa saa tano.

Ukitaka kutega simu ya bibi ili ilie kumkumbusha, hapo ndipo uingie katika hesabu ya pili. Kwa saa za mchana ongeza 6 juu ya saa ya Kiswahili, na kwa za usiku wa mapema ongeza 18, ukikumbuka kwamba baada ya adhuhuri simu nyingi huendelea 13, 14, 15. Saa 1:30 asubuhi huandikwa 07:30. Saa 8 mchana huandikwa 14:00. Saa 11:30 jioni huandikwa 17:30. Mega akiitega simu kwa 11:30, italia saa 5 na nusu, bibi ataingiwa na wasiwasi bure, na jioni simu itakaa kimya.

"Baada ya Maghribi" si saa

Waislamu tuna saa nyingine inayotuongoza kila siku, nayo ni swala tano. Ni jambo zuri familia kupanga shughuli zake kwa kuzizunguka swala. Lakini mwenye kumwachia mtu watoto hana budi kujua kwamba jina la swala hutaja kipindi, wala halitaji dakika. "Baada ya Alasiri" inaweza kuwa mara tu imamu anapotoa salamu, na inaweza kuwa saa mbili baadaye, jua likikaribia kuzama, kwani muda wote huo ni baada ya Alasiri. Anayengoja atachukua maana ya kwanza, na anayekuja atajiruhusu maana ya pili.

Isitoshe, kipindi chenyewe husogea kwa mwaka mzima. Hapa Mbeya, mwanzoni mwa Juni jua huzama baada tu ya saa 12 na nusu jioni. Mwanzoni mwa Februari huzama baada ya saa 1 na dakika 10 usiku. Tofauti ni dakika 40 hivi. Familia iliyozoea kusema "nitawachukua Maghribi" tangu kipupwe, bila kujua inaongeza muda wa mwangalizi kidogo kidogo, na ifikapo Februari bibi anakaa na watoto dakika 40 zaidi ya ilivyokuwa Juni, ingawa hakuna aliyebadilisha neno hata moja.

Kuna tofauti ya mahali pia. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini jua halitufikii sote pamoja. Mbeya iko magharibi ya Dar es Salaam kwa takriban nyuzi sita, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Kwa hiyo jua huzama kwetu dakika 20 hadi 25 hivi baada ya kuzama Dar es Salaam. Wafungaji wa Mbeya wanalijua hili vizuri, kwani mwezi wa Ramadhani huonywa wasifuturu kwa adhana ya redio au televisheni inayorushwa kutoka Dar. Katika mambo ya watoto tunalisahau. Bibi aliyewasha televisheni husikia adhana, hudhani Maghribi imeingia, na huanza kujiuliza mzazi yuko wapi, hali mzazi kwa hesabu ya Mbeya bado ana dakika 20 mkononi. Mgeni kutoka Dar aliyekuja kukaa kwa dada yake naye huja na mazoea ya kwao.

Jambo hili linagusa pia mafundisho tuliyopewa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Jabir kwamba Mtume (s.a.w.) aliagiza watoto wazuiwe ndani giza linapoanza kuingia, mpaka sehemu ya usiku ipite. Basi anayepanga kuwachukua watoto wake kwa ndugu asiiweke saa ya kuwachukua ikagongana na kuingia kwa giza. Ama awachukue mapema wafike nyumbani kabla ya Maghribi, ama akubaliane na mwenyeji kwamba watabaki ndani mpaka baada ya Isha. Kwa watoto wa mtaa kama Soweto, ulio jirani na barabara kuu ya malori yanayokwenda Tunduma na Zambia, hakuna asiyeona hekima ya agizo hilo.

Vivyo hivyo kuwa mwangalifu na neno "usiku". Kwa hesabu yetu ya Kiislamu usiku hutangulia mchana wake, hivyo "usiku wa Ijumaa" kwa mzee aliyesoma ni usiku unaofuata Alhamisi. Kwa kijana wa ofisini ni Ijumaa yenyewe jua likizama. Watoto wanaokwenda kulala kwa bibi waelezwe kwa namna isiyo na mjadala: "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa."

Ombi lenyewe lisemwe vipi?

Vijana wengi waliooa na kuolewa hukwepa kutaja saa kamili kwa sababu ya adabu. Huona kwamba kumwambia mama mdogo "saa moja na nusu" ni kama kumpangia mkubwa kazi. Kwa hiyo husema, "Mama mdogo, Jumamosi nitakuletea watoto asubuhi asubuhi." Naye hujibu, "Walete tu." Wote wawili wameridhika, na hakuna kilichopangwa. Mama mdogo ameahirisha kwenda sokoni, kwani hajui asubuhi hiyo ni ipi.

Ukweli ni kwamba saa kamili ndiyo heshima, ikiwa itatanguliwa na ombi na si amri. Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mama mmoja wa Soweto ana watoto wawili, wa miaka sita na mitatu. Mama yake mzazi anaumwa Tukuyu, naye anataka kwenda kumjulia hali Jumamosi na kurudi siku hiyohiyo. Mama yake mdogo anaishi Mwanjelwa, si mbali na kwake, na jioni ana darsa ya kina mama. Simu yake iwe hivi:

"Asalaam alaykum mama mdogo, shikamoo. Habari za hapo? Mama mdogo, nina ombi, na kama litakuwa zito niambie, nitatafuta njia nyingine. Jumamosi hii nataka kwenda Tukuyu kumwona mama. Naomba nikuachie wajukuu zako. Nitakuwa mlangoni kwako saa moja na nusu asubuhi, na nitawachukua mwenyewe kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni. Je, saa hizo zinakufaa, au una shughuli yako?"

Ombi hili limeanza na kumpa mkubwa mlango wa kukataa, na limetaja sababu kwa sentensi moja bila hadithi ndefu ya kumbana. Limetaja saa mbili, ya kuleta na ya kuchukua, kila moja na kipande chake cha siku, na likamalizia kwa swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa "walete tu". Mama mdogo akisema, "Jioni nina darsa saa kumi na mbili," ameitaja mipaka yake bila kuona haya, kwa kuwa ameulizwa.

Angalia pia kwamba mama huyu hakusema "nitatoka nyumbani saa moja na nusu". Alisema "nitakuwa mlangoni kwako". Ni mazoea yetu kutaja saa ya kuanza safari, na anayengoja huichukua kuwa saa ya kufika. Saa inayomhusu mwenyeji ni ile ya mlango wake kugongwa. Saa ya wewe kutoka kwako ni hesabu yako mwenyewe.

Sasa tulitazame jibu. Mama mdogo anaweza kusema, "Inshaallah." Neno hili ni tukufu, na tumefundishwa kutosema tutafanya jambo kesho bila kulitaja. Lakini katika mazungumzo yetu limebeba mizigo miwili. Kuna inshaallah ya mtu aliyeazimia, na kuna inshaallah ya mtu anayeona haya kukataa. Hutaweza kuzitofautisha kwa sauti peke yake, na kumuuliza mkubwa "ndiyo au hapana?" ni ukosefu wa adabu. Njia nzuri ni kuuliza jambo dogo linalofuata: "Niwalete wamekwisha kunywa chai, au watakunywa kwako?" Aliyekubali atajibu kwa undani: "Wanywe huko huko, mimi nitawapikia mchana." Asiyekubali atarudia maneno ya jumla: "Aa, tutaona tu siku ikifika." Ukisikia hivyo, shukuru, mwambie asijisumbue, na mtafute mwingine kabla ya Jumamosi. Hujamvunjia heshima, na yeye hakulazimika kusema hapana.

Mwisho wa simu, mrudishie maneno: "Basi Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi mlangoni kwako, na saa kumi na moja na nusu jioni ndiyo mwisho." Mara nyingi ni katika kurudia huku ndipo kosa hujitokeza.

Saa ya kuchukua ihesabiwe kinyumenyume

Saa ya kuleta ni rahisi kuitimiza, kwani iko mikononi mwako. Saa ya kuchukua iko mikononi mwa magari, foleni na watu wengine. Ndiyo maana wazazi wengi huikosea, na hukosea kwa njia moja: hutaja saa wanayotarajia kufika mambo yote yakienda sawa. Mwenyeji huisikia kama ahadi.

Mama wa Soweto asiseme "nitafika kama saa kumi hivi". Aanze na saa ya mwisho anayoweza kuiahidi, kisha arudi nyuma. Mama mdogo ana darsa saa 12 jioni, na anahitaji nafasi ya kujitayarisha. Basi watoto wawe wameondoka kwake saa 11:30. Kutoka Uyole mpaka Mwanjelwa kwa daladala si mbali, lakini barabara ni hiyo moja ya malori, na foleni ya jioni haitabiriki, hivyo aitengee saa nzima. Maana yake awe Uyole saa 10:30. Tukuyu mpaka Uyole ni mwendo wa milima na kona, na gari dogo la abiria hupakia na kushusha njiani. Aitengee saa mbili, yaani gari liwe limeondoka Tukuyu saa 8:30 mchana. Gari haliondoki mpaka lijae, hivyo aongeze nusu saa ya kungoja: awe amekaa kwenye kiti saa 8 mchana. Adhuhuri huku kwetu huingia kati ya saa 6 na nusu na saa 7, kwa hiyo ana nafasi ya kuswali, kula na mama yake, na kuaga bila papara.

Hesabu hii imempa jambo ambalo "kama saa kumi hivi" isingempa: sasa anajua saa ambayo ahadi yake itaanza kuvunjika. Ikifika saa 8:30 na gari bado halijaondoka Tukuyu, hana haja ya kungoja saa 11:30 ndipo aone haya. Ampigie mama mdogo hapohapo, zikiwa zimebaki saa tatu, na mama mdogo ana wasaa wa kupanga. Simu inayopigwa saa 11:40 ikisema "nipo njiani" haimpi mwenyeji chochote cha kufanya, zaidi ya kuvua hijabu aliyokwisha kuivaa na kukaa chini.

Tena "nipo njiani" ni neno lisilo na umbali. Anayetoka Tukuyu yuko njiani, na aliyefika Mwanjelwa yuko njiani. Ukichelewa, taja mahali na saa mpya: "Mama mdogo, niwie radhi, ndiyo kwanza tuko Uyole, foleni imesimama. Hesabu saa kumi na mbili na robo." Saa mpya hiyo nayo iwe ya mbali kidogo kuliko matumaini yako, kwa sababu kuichelewesha mara ya pili huuma kuliko mara ya kwanza.

Nani atakuja, na nini kitafanyika akikosekana

Pamoja na saa, litajwe jina la atakayekuja. Mama wa Soweto amesema "nitawachukua mwenyewe". Kama mambo yakibadilika na akawa baba, au kaka, au dereva wa bajaji anayefahamika mtaani, mama mdogo aarifiwe na mzazi kwa sauti yake kabla mtu huyo hajafika. Mwenyeji asiyeambiwa ana haki ya kukataa kumtoa mtoto, hata kama aliyekuja ni ndugu, na mzazi asimlaumu kwa hilo, kwa kuwa mtoto ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe au kwa aliyetumwa naye.

Mpango wa kuchelewa nao useme siku ya ombi, wakati nyoyo zimetulia: "Nikikwama kabisa, baba yao anatoka kazini saa kumi na moja jioni, atakuja yeye." Sentensi moja hiyo inamwokoa mama mdogo na darsa yake. Inamwokoa pia mtoto asitumwe peke yake kurudi nyumbani jioni, jambo ambalo hutokea pale mwangalizi anapokuwa na haraka na mzazi hapatikani kwenye simu.

Kuna jambo moja dogo la kukamilisha. Mtoto akiwa anatumia dawa, saa ya dawa iandikwe kwa uangalifu uleule. Mzazi akisema kwa haraka "dawa ni saa nane", mwenyeji atampa mara moja, saa 8 mchana. Ikiwa daktari aliagiza kila baada ya saa nane, hayo ni maneno mengine kabisa. Mzazi azihesabu mwenyewe saa hizo na kuzitaja: "Nimempa saa moja asubuhi, utampa saa tisa mchana, na ya usiku nitampa mimi." Karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa, kwa herufi kubwa, inatosha.

Jioni ya Jumamosi, saa 11:20, mama wa Soweto yuko mlangoni Mwanjelwa. Hata kama mama mdogo atasema, "Ingia kwanza unywe chai," mama huyu anajua kwamba saa 12 kuna darsa. Atashukuru, atauliza watoto wamekula nini na wamelala saa ngapi, atachukua mfuko wao na kuondoka. Shukrani akaitie kwa simu kesho yake, mama mdogo akiwa na nafasi ya kuipokea. Mwenyeji aliyeachiliwa kwa saa yake ndiye atakayekubali tena mwezi ujao, inshaallah, na kwa inshaallah ile ya kwanza.

Wabillahi tawfiq.